Mwongozo kamili: imeili ya malalamiko kwa sapulaya, kavu lakini haina matusi

Jumamosi tarehe 6 Septemba 2025, saa tatu asubuhi hivi, fundi alinipigia simu akaniambia dada hebu njoo Bamburi uone mwenyewe, mimi sitii gundi hapa mpaka uje. Nikaenda. Alikuwa ametandaza tailsi 12 chini makavu, mlango ameuacha wazi, jua laingia moja kwa moja, na hapo hata mtoto angeona. Safu mbili nyeupe kama maziwa, safu ya tatu kama maziwa yaliyotiwa tone la chai. Tukageuza maboksi tukasoma ubavuni, mengine yameandikwa shedi B12, mengine B15, yani nambari ya rangi ya bechi. Tukahesabu yote 48. B12 yalikuwa 31, B15 yalikuwa 17.

Sasa mimi nikakaa kwenye ndoo ya rangi nikaandika imeili kwa simu palepale, na ile imeili alhamdulillahi sikuituma, maana ilikuwa na neno "matapeli" mara mbili, "takataka" mara moja, na haikuwa na tarehe hata moja wala nambari ya invoisi. Niliyoituma Jumatatu ndo hii ntakayowaonyesha hapa, pamoja na vile niliipanga, coz watu wengi wa biashara ndogo hapa Mombasa naona wanakosea palepale nilipotaka kukosea mimi.

Kabla ya kuandika chochote, simamisha kazi

Hili si la imeili lakini ukilikosa imeili haitakusaidia. Usitumie bidhaa unayoilalamikia. Tailsi ikishagandishwa chini muuzaji atakwambia ulikubali, na boksi nyingi zenyewe zimeandikwa ukague kabla ya kuweka. Hata sheria yetu, ile Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, yasema ukishaifanyia bidhaa jambo ambalo ni la mwenye mali, au ukakaa nayo muda bila kusema unaikataa, wahesabiwa umeikubali. Hakuna siku kamili zilizoandikwa, ni "muda unaofaa", kwa hivyo usikae wiki tatu ukiwaza. Mie nilipokea mzigo Ijumaa, nikagundua Jumamosi, nikaandika Jumatatu. Hapo hakuna wa kunambia nimechelewa.

Na kama mafundi walikuwa wameshaweka chache kabla hujagundua, sema ukweli kwenye imeili, zimewekwa ngapi na saa ngapi ulisimamisha. Ukificha watakuja saiti wataziona, na kuanzia hapo kila ulichosema kitatiliwa shaka.

Tafuta ahadi kwanza, makosa baadaye

Watu wanaanza na kosa. Mie nasema anza na ahadi. Jiulize huyu mtu aliniahidi nini na imeandikwa wapi, maana kama hakuahidi basi unalalamika kwa jambo ambalo kwake si kosa. Tailsi kutofautiana rangi kati ya bechi na bechi ni jambo la kawaida kiwandani, ndo maana wanaandika nambari ya shedi kwenye boksi, ili muuzaji asichanganye. Kwa hivyo ningeandika "tailsi zenu zina rangi tofauti" wangenijibu kwa sentensi moja tu, kwamba ni kawaida, na wangekuwa wamesema kweli.

Nikarudi kwenye WhatsApp. Jumanne tarehe 2 Septemba nilikuwa nimeandika: "Nataka boksi 48, shedi moja zote, ni sebule na korido zimeungana." Jibu la yule kijana wa mauzo: "Sawa dada, zipo za kutosha." Hiyo mistari miwili ndo roho ya malalamiko yote. Kosa si kwamba rangi zatofautiana, kosa ni kwamba nimeuziwa bechi mbili kwenye oda ya bechi moja. Ona vile maneno yamebadilika hapo.

Kama huna ujumbe kama huo usikate tamaa, angalia invoisi, kwotesheni, picha ya katalogi, au sampuli waliyokupa. Sheria hiyohiyo ya Sura ya 31 yasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo ni lazima ifanane na maelezo, na ikiuzwa kwa sampuli ni lazima mzigo wote ufanane na sampuli kwa ubora. Kwa hivyo ile tailsi moja waliyokupa kaunta uende nayo nyumbani, usiitupe, iandike tarehe kwa nyuma na kalamu ya wino mzito.

Ratiba, na shida ya saa zetu

Chukua karatasi uandike kila tukio kwa mpangilio, tarehe, nani alifanya nini, na ushahidi uko wapi. Yangu ilitoka mistari mitano tu. Oda tarehe 2, malipo tarehe 3, mzigo kufika tarehe 5, kugundua tarehe 6, kumpigia kijana wa mauzo tarehe 6 saa 4 na dakika 15 asubuhi. Hii simu niliiweka kwa sababu iko kwenye orodha ya simu, na alisema "ntaangalia na stoo". Asingepokea ningeandika hakupokea, basi, bila kuongeza kwamba anakwepa.

Mambo mawili madogo yanayoleta vurugu. Moja, usiandike 06/09/2025, andika 6 Septemba 2025, maana kuna watu na kompyuta zinazosoma mwezi kwanza wakaona Juni 9, na ukija kubishana umechelewa au hukuchelewa hiyo miezi mitatu itakula upande wako. Pili ni saa. Sisi twasema saa tano na dakika arobaini, simu yaandika 11:40, na skrinshoti uliyoambatisha itaonyesha 11:40. Mtu wa ofisi akisoma 5:40 kwenye imeili na 11:40 kwenye picha anasema umetunga. Mie naandika zote mbili.

Ushahidi: picha chache zinazosema kitu

Usitume picha 40. Mie nilituma nne na faili tatu. Picha ya ubavu wa boksi moja la B12 na moja la B15 zikiwa pamoja, nambari zasomeka. Picha ya tailsi mbili zimelazwa bega kwa bega karibu na mlango, mchana, bila flashi, maana flashi yafanya zote ziwe nyeupe sawa na umejiharibia mwenyewe. Picha ya maboksi yote 17 yamepangwa nambari zatazama mbele, hii ni ya kuthibitisha hesabu. Na picha ya zile 12 zilizotandazwa, kutoka mbali kidogo, ili aone vile sebule itakavyokuwa. Faili ni invoisi, dilivari noti na mazungumzo ya WhatsApp.

Nikazipa majina ili anayefungua ajue anaona nini bila kuniuliza:

```
01_shedi_B12_na_B15_06Sep2025.jpg
02_bega_kwa_bega_06Sep2025.jpg
03_boksi_17_za_B15_06Sep2025.jpg
04_sebule_makavu_06Sep2025.jpg
```

Picha za asili ziache kwenye simu, usizifute hata ukishalipwa. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida yaibana na kufuta zile taarifa za ndani za siku na saa iliyopigwa, kwa hivyo kama fundi ndiye aliyepiga mwambie akutumie kama Document. Mazungumzo nayo usitegemee skrinshoti peke yake, tumia Export chat upate faili nzima yenye tarehe, coz skrinshoti yaonyesha kipande na mtu atasema umekata yaliyotangulia. Na kwa Gmail viambatisho vyote kwa pamoja visizidi 25 MB.

Dilivari noti yangu ilikuwa na aibu kidogo. Mzigo ulikuja Ijumaa saa tano na dakika arobaini, dereva mbioni anataka kuwahi swala ya Ijumaa, mie nikahesabu boksi 48 nikatia saini chini ya maneno "imepokewa kamili na katika hali nzuri". Hio haikuniua, maana sheria yampa mnunuzi nafasi ya kukagua kabla ya kuhesabiwa amekubali, lakini ningeandika maneno matatu tu kando ya saini, "hesabu tu, haijakaguliwa", ningejiokolea mstari mzima wa maelezo. Sa hivi naandika kila mara, madereva wameshazoea.

Wataka nini hasa?

Hapa ndo watu wengi huanguka. Wanaeleza mpaka machozi yanatoka halafu wanamaliza na "naomba mshughulikie suala hili". Kushughulikia ni nini? Atakujibu "tumepokea, tunashughulikia" na kwa kweli amekupa ulichoomba.

Kaa na hesabu. Mie wazo la kwanza lilikuwa nirudishiwe pesa za zile boksi 17, kila boksi 2,000, yani 34,000. Halafu nikapiga hesabu nikaona nimejichoma. Boksi moja ina tailsi nne za sentimita 60 kwa 60, zafunika mita mraba 1.44, kwa hivyo boksi 31 zafunika 44.64. Sebule na korido ni mita mraba 61. Wangenirudishia 34,000 haraka sana na mie ningebaki na tailsi nzuri zisizotosha, nikizunguka Mombasa nzima kutafuta B12. Nilichohitaji ni boksi 17 za B12. Na kama hawana tena, basi wachukue zote 48, ama waniletee 48 za shedi moja ama wanirudishie 96,000 za tailsi na 4,500 za usafiri.

Kwa hivyo omba jambo moja unalolitaka, na la pili kama la kwanza haliwezekani. Yakizidi mawili wanachagua la rahisi kwao. Weka na tarehe mbili, moja ya kujibu kwa maandishi, moja ya kutekeleza, maana ukiweka moja tu ya mwisho utakaa wiki nzima hujui kama wanakuja au hawaji.

Fundi alikaa siku mbili bila kazi na nilimlipa. Hio sikuitia. Sikuwa na risiti yake, na nilitaka tailsi zaidi ya nilivyotaka hizo pesa. Pia kulikuwa na tailsi tatu zimemeguka pembe kwenye zile nzuri, nazo nikaziacha, fundi alizitumia kukatia pembezoni. Ukiweka kosa kubwa na kosa dogo kwenye imeili moja, watakujibu lile dogo kwa unyenyekevu mkubwa, watakuletea tailsi tatu na pole nyingi, na lile kubwa litapotea hapo katikati.

Sasa imeili yenyewe

Niliituma Jumatatu asubuhi kwa anwani ya kampuni iliyo kwenye invoisi, kijana wa mauzo nikamtia kwenye CC. Ukimtumia yeye peke yake inaweza kufia kwenye simu yake, ukimruka kabisa atakuwekea kinyongo na huenda ndiye atakayekupakilia mzigo.

> Kichwa: Malalamiko – invoisi 0417, oda ya 2 Septemba 2025 – boksi 17 kati ya 48 ni za shedi tofauti
>
> Habari za asubuhi,
>
> Tarehe 2 Septemba 2025 niliagiza kwenu boksi 48 za tailsi nyeupe za sm 60 x 60, na niliandika kwamba zote ziwe za shedi moja. Ofisa wenu wa mauzo alijibu siku hiyohiyo kwamba zipo za kutosha (kiambatisho 5). Nililipa Sh 100,500 kwa M-Pesa tarehe 3 Septemba, ikiwa ni Sh 96,000 za tailsi na Sh 4,500 za usafiri (invoisi, kiambatisho 6).
>
> Mzigo ulifika Bamburi Ijumaa tarehe 5 Septemba, saa 5:40 asubuhi (11:40). Nilihesabu boksi na kutia saini. Boksi hazikufunguliwa wakati huo (kiambatisho 7). Tarehe 6 Septemba, kabla ya kuanza kuweka, tulikuta boksi 31 zina nambari ya shedi B12 na boksi 17 zina B15. Tofauti ya rangi inaonekana wazi zikiwekwa pamoja (viambatisho 1 hadi 4). Siku hiyo saa 4:15 asubuhi (10:15) nilimpigia ofisa wenu wa mauzo, akasema ataangalia na stoo.
>
> Hakuna tailsi ya B15 iliyowekwa. Boksi zote 17 ziko saiti zikiwa kamili, na mnaweza kuja kuzikagua siku yoyote kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni.
>
> Boksi hizi 17 si nilizoagiza na sizikubali. Ninataka mzichukue na mniletee boksi 17 za shedi B12, kwa gharama yenu, kufikia Jumatatu tarehe 15 Septemba 2025. Kama B12 haipo tena, mchukue boksi zote nilizonazo na mniletee 48 za shedi moja kufikia tarehe hiyo, au mnirudishie Sh 100,500.
>
> Tafadhali nijibuni kwa maandishi kufikia Alhamisi tarehe 11 Septemba, saa 11 jioni (17:00), mkisema mtafanya lipi kati ya hayo.
>
> Wasalaam,
> (jina, simu, mahali pa saiti)

Angalia kisichokuwemo. Hakuna "nimesikitika sana", hakuna "wateja wenu wa miaka mingi", hakuna "mmefanya makusudi mmalize stoki", maana hilo la mwisho nilikuwa nalidhania tu, sikuliona. Kanuni yangu ni kwamba kila sentensi nijiulize, akinambia thibitisha, ntaonyesha nini? Isipokuwa na jibu yafutwa. Lakini angalia pia haijalegea. "Sizikubali" imo, imesimama wima, si "sidhani kama zinafaa". "Ninataka" imo, tafadhali ni moja. Sisi Wapwani tunasalimiana mpaka chai ipoe na hio ni tabia njema ya kwenye simu, kwenye imeili ya malalamiko salamu moja yatosha, na usianze kabisa na "samahani kwa usumbufu", wewe ndiye uliyesumbuliwa.

Mahakama sikuitaja. Ukitishia kwenye imeili ya kwanza mtu anaacha kutafuta tailsi anaanza kujitetea. Hio weka kwa imeili ya pili, baada ya tarehe kupita, na iseme jambo moja tu, kwamba usipotimiziwa kufikia siku fulani utapeleka dai Mahakama ya Madai Madogo, ambayo yachukua madai ya mpaka shilingi milioni moja. Iandike tu kama kweli utaenda.

Baada ya kutuma

Jumanne wakajibu kwamba tofauti ya shedi ni kawaida kwa tailsi. Niliwaambia, eh? Nikajibu kwa mistari mitatu: kwamba nakubali bechi hutofautiana, kwamba malalamiko yangu ni kuletewa bechi mbili ilhali tulikubaliana moja, angalieni kiambatisho 5, na tarehe zangu ni zilezile. Usiandike upya hadithi yote. Jibu kwenye imeili ileile, usifungue mpya, ili anayekuja baadaye asome toka mwanzo.

Alhamisi saa tisa alasiri meneja akapiga simu, mpole kabisa, akasema B12 imepatikana boksi 17, zitaletwa Jumatatu, nisijali. Nikashukuru, nikakata, nikakaa palepale nikaandika: "Asante kwa simu ya leo saa 9:05 alasiri (15:05). Nilivyoelewa, mtaleta boksi 17 za shedi B12 Jumatatu tarehe 15 Septemba na kuondoka na 17 za B15, bila malipo yoyote kwangu. Kama nimeelewa vibaya nijulisheni leo." Hakujibu, na mie sikuhitaji ajibu, nilitaka tu iwe imeandikwa.

Jumatatu pikapu ikaja saa nne. Safari hii nikapanda mwenyewe nyuma na fundi, tukageuza boksi moja moja kabla hata moja haijashuka, dereva akivuta pumzi kwa nguvu ili nisikie. B12 zilikuwa 15. Mbili zilikuwa B15. Nikashusha 15, nikakata ile 17 kwenye dilivari noti nikaandika 15, kando nikaandika "2 zimerudishwa, shedi B15", nikatia saini, dereva naye akatia, nikapiga picha. Za B15 nikampa 15, mbili nikabaki nazo mpaka waniletee zangu, kisha nikatuma imeili ya mistari miwili na ile picha. Jumatano jioni zikaja mbili, kwa tuktuk.